Majuma 13 ya nini? Kuhesabu muda katika barua ya mfadhili

Mwezi wa nane mwaka 2024 nilisimama mbele ya dirisha moja mjini Kinshasa nikiwa na karatasi zangu zote ndani ya bahasha ya kaki. Niliamini kwamba zimekamilika. Mama aliyezipokea alizisoma kwa utaratibu, akafika kwenye barua ya mfadhili, akachukua kalamu na kuandika pembeni hesabu ndogo: 13 mara 7. Jibu lake, 91, alilipigia mstari mara mbili. Kisha akanisukumia bahasha na kuniambia kwa Kifaransa, bila ukali wowote, kwamba ombi langu ni la siku 90 lakini barua yangu ni ya siku 91, kwa hiyo mojawapo ibadilike.

Nilikuwa nimetoka Bukavu kwa ndege, na tiketi ya kwenda na kurudi ilikuwa imelipwa na familia nzima. Nilifikia kwa baba mdogo kule Lemba. Masomo yalikuwa yaanze tarehe 2 mwezi wa tisa. Siku moja tu ilikuwa imenisimamisha, na siku hiyo ilitoka katika neno “majuma”. Katika makala haya nataka tuisome barua ile kama tunavyosoma matini yoyote katika fakulti yetu, kwa sababu tatizo lake lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la ofisi.

Kwanza niseme barua yenyewe ilikuwa ya namna gani. Mfadhili wangu ni mfuko mmoja wa msaada wa masomo ulioko Ubelgiji. Ulikubali kunilipia kozi ya uwekaji kumbukumbu wa lugha, pamoja na muda wa kusoma maandishi ya zamani juu ya lugha zetu za Kivu katika jumba la makumbusho la Tervuren. Barua ya mfadhili wa namna hii hujibu maswali mawili ya ofisi ya viza: nani atalipa, na atalipa kwa muda gani. Swali la pili hujibiwa kwa vitu vitatu, yaani tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na jumla ya majuma. Barua yangu, nikiitafsiri, ilisema hivi:

“Kipindi cha masomo ni kuanzia tarehe 2 Septemba 2024 hadi tarehe 29 Novemba 2024, yaani majuma 13. Mfuko utagharimia chakula na malazi ya mwanafunzi kwa majuma 13 ya ukaaji.”

Ukiisoma haraka huoni kosa, nami sikuliona. Wala sidhani kwamba aliyeiandika alikuwa mzembe. Alichukua kalenda ya kozi, akahesabu safu za Jumatatu hadi Ijumaa, akapata safu 13. Kwa mwalimu, hesabu hiyo ni sahihi kabisa: juma la kwanza linaanza Jumatatu tarehe 2 Septemba, na la kumi na tatu linamalizika Ijumaa tarehe 29 Novemba.

Lakini sasa tuhesabu siku zenyewe. Njia rahisi, isiyohitaji mashine, ni kupita mwezi kwa mwezi. Septemba ina siku 30, nasi tunaanza tarehe 2, kwa hiyo zimebaki siku 29, tarehe 2 yenyewe ikiwemo. Oktoba nzima ni siku 31. Novemba tunachukua siku 29. Jumla ni siku 89. Ukizigawa kwa 7 unapata majuma 12 kamili na siku 5 zinabaki. Hizo siku 5 ndizo Jumatatu hadi Ijumaa za juma la mwisho, ambalo mwalimu alilihesabu kuwa zima ingawa Jumamosi na Jumapili yake hazimo. Ndiyo maana 13 mara 7 inatoa 91, wakati kipindi chenyewe ni 89.

Hapa kuna mtego mwingine wa kuangalia. Wengi wetu tukitaka kujua siku kati ya tarehe mbili tunazitoa tu. Hata jedwali la kompyuta linafanya hivyo: ukiiambia itoe tarehe ya kuanza kutoka tarehe ya kumaliza, itakupa 88, kwa kuwa inahesabu hatua kutoka siku hadi siku, siyo siku zenyewe. Ni kama nguzo za ua. Nguzo tano zina nafasi nne katikati yake. Kama tarehe ya kuanza iko katika A1 na ya kumaliza katika B1, inabidi kuongeza moja:

```
=B1-A1+1
```

Kwa hiyo tuna 88, 89 na 91, zote kutoka barua moja, na kila namba ina mantiki yake. Anayesoma barua hawezi kujua mwandishi alifuata mantiki gani, isipokuwa maneno yamwambie.

Maneno ya barua yangu yalimwambia nini? Turudi kwenye sentensi ya pili: “majuma 13 ya ukaaji”. Sentensi ya kwanza inasema kipindi ni cha masomo, halafu inataja majuma bila kuyapa sifa. Sentensi ya pili inachukua namba ileile na kuiunganisha na nomino nyingine. Tumejifunza mwaka wa kwanza kwamba -a unganifu hubeba uhusiano wa aina nyingi sana: umiliki, asili, matumizi, sehemu. Hapa inafanya kazi ambayo hatuizungumzii sana darasani, yaani kuamua ni kitu gani kinachohesabiwa. Majuma ya masomo yanahesabiwa kwa vipindi vya darasa, na juma lenye siku tano za masomo ni juma moja. Majuma ya ukaaji yanahesabiwa kwa siku ambazo mtu yuko nchini, na humo Jumamosi na Jumapili zimo, kwa sababu mtu hatoweki siku ambayo hana darasa. Kwa kubadilisha nomino baada ya -a bila kubadilisha namba, mwandishi alihama kutoka siku 89 kwenda siku 91 bila kujua.

Yule mama wa dirishani, basi, alisoma sawasawa.

Niongeze jambo dogo kuhusu neno juma. Kwetu Bukavu, wengi wetu tunaita Jumatatu siku ya kwanza, na Jumamosi siku ya posho. Katika Kiswahili sanifu Jumatatu ni ya tatu, kwa kuwa hesabu inaanzia Jumamosi, siku inayoifuata Ijumaa. Posho nayo ni chakula au fedha ambayo mfanyakazi alipewa kila mwisho wa juma, na wenzetu wa Lingala huita juma zima mposo, neno la jamii hiyohiyo. Nimelikumbuka posho kwa sababu linaonyesha vizuri tofauti ninayoitafuta. Mfanyakazi alihesabiwa siku alizofanya kazi, lakini posho yake ilipaswa kumlisha hadi posho nyingine, siku ya mapumziko ikiwemo. Mwalimu wa kozi anahesabu juma la kazi. Mtunza fedha wa mfadhili anahesabu juma la posho. Ofisi ya viza haihesabu juma hata kidogo, inahesabu siku.

Na inazihesabu kwa sheria iliyo wazi. Kwa ukaaji mfupi katika nchi za eneo la Schengen, mgeni anaruhusiwa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Tangu Oktoba 2013 imeandikwa waziwazi kwamba siku ya kuingia ni siku ya kwanza ya ukaaji na siku ya kutoka ni siku ya mwisho. Zote mbili zinahesabiwa, hata kama umeingia saa tano usiku au umetoka alfajiri. Anayetaka siku 91 hapewi viza hiyo na siku moja ya nyongeza. Anatakiwa kuomba viza ya aina nyingine, ya D, yenye karatasi nyingine kabisa na muda mrefu zaidi wa kungoja. Kwa hiyo majuma 13 kamili ni namba mbaya kuliko zote katika barua ya mwanafunzi wa muda mfupi, kwani inavuka mpaka kwa siku moja tu.

Nimetaja mpaka. Nilipokuwa ninalalamika nyumbani kwa baba mdogo, yeye ambaye hajasoma isimu aliniuliza swali zuri kuliko yangu yote: “Hiyo tarehe 29 unayosema mpaka, siku hiyo wewe utakuwa kule au utakuwa huku?” Sikuwa na jibu la haraka, na nadhani Kiswahili chenyewe hakina jibu moja. Tazama sentensi hizi mbili:

“Duka limefungwa mpaka siku ya kwanza.”

“Duka linauza mpaka siku ya tano.”

Ukisikia ya kwanza, utakwenda dukani Jumatatu ukitegemea kulikuta wazi, kwa hiyo Jumatatu haimo katika muda wa kufungwa. Ukisikia ya pili, utakwenda Ijumaa bila wasiwasi, kwa hiyo Ijumaa imo katika muda wa kuuza. Neno ni lilelile, muundo ni uleule, lakini siku iliyotajwa mara imo na mara haimo. Ninavyoona mimi, kitenzi ndicho kinachoamua. “Limefungwa” ni hali inayongoja kugeuzwa, na siku inayotajwa ndiyo ya mageuzi. “Linauza” ni kazi inayorudiwa siku kwa siku, na siku inayotajwa ni ya mwisho katika orodha. Neno mpaka lenyewe ni nomino kabla ya kuwa kihusishi, nasi tunaoishi kando ya mpaka wa Ruzizi tunajua kwamba mtu aliyesimama juu ya mpaka anaweza kuhesabiwa upande wowote. Neno hadi, lililotoka Kiarabu, nalo lina asili hiyohiyo ya kikomo, na halitusaidii zaidi.

Sasa jaribu “atakaa Ubelgiji mpaka tarehe 29”. Kitenzi kaa ni hali, kama kufungwa. Msikilizaji mmoja ataelewa kwamba tarehe 29 ndiyo siku ya kurudi, na mwingine ataelewa kwamba tarehe 29 bado yuko, anarudi kesho yake. Kifaransa hakiko salama zaidi. Kina neno lake fupi la kusema kwamba siku ya mwisho imo, lakini barua nyingi haziliweki. Na watu haohao husema “siku nane” wakimaanisha juma moja, na “siku kumi na tano” wakimaanisha majuma mawili, kwa sababu wanahesabu siku ya mwanzo na ya mwisho pia. Mtu aliyezoea kusema hivyo hawezi kushangaa kwamba hesabu ya siku inapishana kwa moja.

Swali la baba mdogo lilinifanya nifungue tena bahasha yangu, na hapo ndipo nilipoona aibu kidogo. Nilikuwa nimemlaumu mfadhili siku nzima. Lakini tiketi niliyokuwa nimeshikilia nafasi yake ilinionyesha nikifika Jumapili tarehe 1 Septemba na kuondoka Jumamosi tarehe 30 Novemba. Hesabu mwenyewe: siku 30 za Septemba, 31 za Oktoba, 30 za Novemba. Ni 91. Bima ya safari nayo, ile inayotakiwa kugharimia matibabu kwa kiasi kisichopungua yuro 30,000, niliinunua kwa tarehe hizohizo. Barua ilisema 91 kwa bahati mbaya, nami nilikuwa nimeithibitisha kwa karatasi mbili zaidi. Hata kama mfadhili angeandika vizuri, tiketi ingenisaliti.

Nilichagua tarehe 30 kwa sababu nilidhani mtu hasafiri siku ya darasa la mwisho. Ni mawazo ya kawaida. Lakini kama unafika siku moja kabla ya masomo, na masomo yenyewe ni siku 89, basi umekwisha kutumia zote 90. Huna siku ya kufunga mizigo. Nilikuwa na njia mbili: kufika Jumatatu asubuhi na kuingia darasani na sanduku langu, au kuondoka Ijumaa jioni mara baada ya darasa. Nikachagua ya pili. Hapo napo nilitakiwa kuangalia saa ya ndege, maana siku ya kutoka wakati huo ilikuwa ile ambayo polisi wa mpakani alikugongea muhuri. Ndege ya jioni kupitia Addis-Abeba ilimaanisha muhuri wa Brussels tarehe 29. Ndege inayoruka baada ya saa sita usiku ingeweza kumaanisha muhuri wa tarehe 30.

Baada ya hapo nilimwandikia mfadhili. Sikutaka kumwambia tu kwamba barua ina kosa, kwani kwa macho yake haikuwa na kosa. Nilimtumia hesabu ya miezi mitatu kama nilivyoionyesha hapo juu, nikamwomba atenganishe majuma ya mafundisho na siku za ukaaji, na ataje siku za juma pembeni ya tarehe. Ombi hilo la mwisho halikuwa la mapambo. Jina la siku linafanya kazi ya shahidi. Ukiandika “Ijumaa tarehe 29 Novemba 2024” na mtu akakosea mwezi au mwaka, siku na tarehe zitagombana na kosa litaonekana. Tena, ukijua kwamba kipindi kinaanza Jumatatu na kumalizika Ijumaa, unajua kwamba siku zake zikigawanywa kwa 7 lazima zibaki 5. Kama hazibaki 5, kuna namba imekosewa. Siku 89 zinabakiza 5. Siku 91 hazibakizi kitu, na hilo lingetosha kumshtua mwandishi.

Barua mpya ilifika baada ya siku tatu. Naiweka hapa kwa Kiswahili, maana naona ni mfano mzuri wa sentensi isiyo na mlango wa pembeni:

“Kipindi cha masomo kinaanza Jumatatu tarehe 2 Septemba 2024 na kinamalizika Ijumaa tarehe 29 Novemba 2024, siku zote mbili zikiwemo. Ni majuma 13 ya mafundisho, ya Jumatatu hadi Ijumaa, sawa na siku 89 za kalenda. Mfuko unagharimia chakula na malazi ya mwanafunzi kuanzia Jumapili tarehe 1 Septemba 2024, siku ya kufika, mpaka Ijumaa tarehe 29 Novemba 2024, siku ya kuondoka, yaani siku 90 za ukaaji.”

Angalieni kwamba mwandishi hakuondoa majuma. Kozi inaendeshwa kwa majuma, na cheti changu kingeandikwa majuma 13, kwa hiyo namba hiyo ilikuwa na haki ya kubaki. Alichofanya ni kuipa kila namba nomino yake: majuma ya mafundisho, siku za kalenda, siku za ukaaji. Angalieni pia kwamba mpaka amebaki, lakini sasa ana mlinzi, yaani “siku ya kuondoka”. Msomaji hana tena haja ya kuuliza kama siku hiyo niko kule au huku. Na “kuanzia… hadi” katika sentensi ya kwanza imegeuzwa kuwa vitenzi viwili, “kinaanza” na “kinamalizika”, ambavyo vinaifanya tarehe 29 iwe siku ya tukio, siyo ukuta.

Nilirudi dirishani tarehe 12 Agosti. Sheria yao inataka ombi lifike siku 15 kabla ya safari, na kwa mtu anayefika tarehe 1 Septemba ukomo ulikuwa tarehe 17. Nilikuwa na siku tano tu za akiba. Mama yuleyule alisoma barua, hakuandika hesabu pembeni, akaichukua bahasha.

Viza ilipotoka, tarehe 28, ilikuwa na namba tatu tena, na wenzangu wawili niliowaonyesha walizisoma vibaya palepale. Iliandikwa kwamba ni halali toka tarehe 1 Septemba hadi tarehe 14 Desemba, na chini yake muda wa ukaaji: siku 90. “Basi una majuma mawili ya kutembea!” aliniambia mmoja wao. Sikuwa nayo. Tarehe ya mwisho ya viza husogezwa mbele kwa siku 15 ili kama safari ikichelewa kuanza viza isife kabla ya ukaaji kwisha. Mlango unabaki wazi mpaka tarehe 14 Desemba, lakini ndani ya mlango huo siku zangu ni 90, na kwa aliyeingia tarehe 1 Septemba zinakwisha tarehe 29 Novemba. Ni tofauti ileile ya barua: kipindi ambacho jambo linaruhusiwa kutokea, na idadi ya siku za jambo lenyewe.

Ijumaa ile ya tarehe 29 nilitoka darasani saa tisa alasiri na sanduku nikiwa nimeliacha kwa mlinzi wa mlango. Uwanjani, polisi alifungua ukurasa wa muhuri wa kuingia, akatazama viza, akahesabu kimya kwa midomo, miezi mitatu. Nikamwona akifika mwisho. Akagonga.